Umekatwa mshahara kwa shoti: uongee, usuluhishwe au ushtaki?

Kuongea na bosi hakuna ada. Kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, hakuna ada. Usuluhishi wa Tume hiyo nao hauna ada. Ukitazama bei ya mlangoni tu, njia zote tatu ni bure, na hapo ndipo watu wa Sengerema wanapochagua vibaya. Gharama zenyewe zimekaa kwingine: kwenye nauli ya kwenda Mwanza, kwenye siku za kazi zinazopotea, kwenye karatasi unayosainishwa ukiwa umesimama, na zaidi ya yote kwenye kalenda.

Tuchukue mfano mmoja tuupigie hesabu mpaka mwisho. Mhudumu wa kituo cha mafuta pale mjini Sengerema analipwa 240,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Machi mita za pampu na fedha za zamu havilingani, shoti ni 180,000. Zamu hiyo walikuwa watatu. Meneja anamwangushia yeye peke yake, anakata 90,000 tarehe 31 Machi na kumwambia nyingine 90,000 itakatwa Aprili. Hakuna barua wala hesabu iliyoandikwa, ni maneno ya dirishani tu.

Kabla ya kuchagua njia, jua una nini mkononi, maana ukienda mikono mitupu utarudi mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 28, haimkatazi mwajiri kufidia hasara kwenye mshahara, lakini inamfunga. Mfanyakazi awe amekubali makato kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Apewe maandishi yanayoonyesha chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyopatikana, kisha apewe nafasi ya kupinga. Na hata hayo yote yakitimia, makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 240,000 ni 60,000. Kwa hiyo 90,000 imevuka mpaka kwa 30,000 hata kama shoti ingekuwa kweli ni ya kwake. Hoja hiyo inaeleweka hata na meneja mkali, kwa sababu haimwiti mwizi wala mwongo. Ni hesabu tu.

Kuongea

Kwa shoti ya namna hii, anza na mazungumzo, na uanze ndani ya wiki ya kwanza. Mshahara wa Aprili bado haujapigwa, na ni rahisi zaidi kuzuia 90,000 ya pili kuliko kuirudisha ya kwanza. Bosi aliyekwisha kutumia fedha huwa na maneno mengi.

Usimwendee mbele ya wateja wala saa ya kufunga hesabu. Kama kituo kina meneja na mwenyewe anakaa Mwanza au Geita, anza na meneja. Ukimruka, umempa sababu ya kukuchukia kabla hajasikia. Nenda na daftari lako la mita za kuanzia na kumalizia zamu. Kama huna daftari hilo, basi hilo ndilo la kununua leo. Omba kitu kimoja tu: hesabu ya shoti kwa maandishi, na makato ya Aprili yasimame mpaka iletwe. Ukiingiza na masuala ya likizo, ovataimu na lugha ya matusi siku hiyo hiyo, utajibiwa lile jepesi na kikao kitafungwa.

Ukitoka hapo, usilale bila kutuma ujumbe. Si wa kutisha, ni wa adabu: "Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kunisikiliza leo. Kama tulivyoongea, nasubiri hesabu ya ile shoti ya tarehe 31 kwa maandishi, na makato ya mwezi huu yasubiri kwanza." Akijibu "sawa", umepata ushahidi. Akinyamaza, bado una tarehe. Mazungumzo yasiyoacha alama yoyote ndiyo bidhaa dhaifu kuliko zote sokoni: yakivunjika, ni neno lako dhidi ya la mwenye kituo.

Ubaya wa njia hii si bei. Ni kwamba haina mwisho. Bosi akisema "subiri mwezi ujao tutaangalia," hajakukatalia, kwa hiyo huna cha kulalamikia, na wewe unaendelea kusubiri. Wakati huo saa ya sheria inatembea. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za 2007, Tangazo la Serikali Namba 64, zinampa mtu aliyeachishwa kazi siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA, na siku 60 kwa migogoro mingine kama haya makato. Mahakama zetu zimesema tena na tena kwamba mazungumzo ya pembeni hayasimamishi muda. Makato ya tarehe 31 Machi yanafikisha siku 60 tarehe 30 Mei. Usijifariji kwamba makato ya Aprili yana siku zake. Hesabu kuanzia ya kwanza, uwe salama.

Ukichelewa, ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, lakini utatakiwa kueleza kila siku iliyopita ulikuwa wapi. "Bosi aliniahidi" si jibu linalouzika.

Msuluhishi: wa mtaani au wa Tume?

Hapa kuna bidhaa mbili zenye sura moja, na tofauti yake ni kubwa.

Wa kwanza ni mtu mnayemheshimu wote: mwenyekiti wa mtaa, mzee wa kanisa, sheikh, ndugu wa bosi, au mfanyakazi mkongwe wa kituo. Anapatikana jioni hii hii, hakuna nauli, na kwa mji mdogo ambapo mtakutana tena msibani na sokoni, hilo si jambo dogo. Gharama yake ni soda, pengine "ya karatasi", pengine hisani ambayo atakukumbusha baadaye. Tatizo ni uimara. Makubaliano ya barazani kwa mwenyekiti hayana nguvu ya hukumu. Bosi akilipa 50,000 ya kwanza na kuacha, huna pa kuyapeleka yakakaziwe, na muda wa siku 60 umekwisha kuliwa. Mtumie huyu kama unaamini bosi ni mtu wa neno lake. Kama ana sifa ya kukwepa wauza mafuta wenzake, usimtumie.

Wa pili ni msuluhishi wa CMA. Na hapa wengi wanakosea, kwa sababu wanadhani usuluhishi ni duka moja na malalamiko rasmi ni duka jingine. Mlango ni mmoja. Ukijaza fomu namba 1, CMA F.1, umefungua mgogoro rasmi, lakini kitu cha kwanza unachopewa si kesi. Unapewa msuluhishi, kikao cha faragha, na siku 30 za kujaribu kuelewana. Mnayosemezana humo hayatumiki dhidi yenu baadaye. Mkishindwana, ndipo shauri linaweza kwenda hatua ya uamuzi, kwenye kusikiliza mashahidi.

Kwa hiyo "kushtaki" kwa lugha ya CMA ni kununua usuluhishi wenye meno. Mkikubaliana, mnasaini hati inayoweza kukaziwa mahakamani kama hukumu. Bosi akiitwa kihalali asitokee, Tume inaweza kulitolea shauri uamuzi bila yeye. Na wewe uliyefungua usipotokea, linaweza kufutwa. Kumbuka hilo unapopanga nauli.

Kuna na Afisa Kazi, ambaye watu humsahau. Naye hatozi ada. Ana mamlaka ya kuingia kituoni, kukagua rejista na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri anayevunja sheria. Anafaa zaidi pale makato yanapowapata wahudumu wote wa kituo, kuliko shoti ya mtu mmoja, na wateja wake ni mkoa mzima. Mtaarifu, ila usimfanye sababu ya kuacha kuhesabu siku.

Nauli ya haki

Mgogoro uliotokea Sengerema unashughulikiwa na ofisi ya CMA yenye eneo hilo, na ofisi hiyo iko Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile asubuhi ya kupanga foleni ya kivuko Busisi imekwisha, na wengine bado wanapitia Kamanga. Safari imekuwa fupi, lakini haijawa bure.

Weka nauli yako ya kwenda na kurudi, chakula na fotokopi. Tuseme vyote vinafika 20,000 kwa safari. Ongeza siku ya kazi isiyolipwa: 240,000 ukigawa kwa siku 26 ni kama 9,200. Safari moja basi inakula karibu 29,200. Kufungua, kuhudhuria kikao cha kwanza na kurudi cha pili ni safari tatu, yaani karibu 88,000. Kwa dai la 180,000, hiyo ni karibu nusu. Shauri likiingia hatua ya uamuzi, likaahirishwa mara mbili tatu kwa sababu wakili wa bosi yuko mahakama nyingine, nauli inalimaliza dai lote. Na usitegemee kurudishiwa: kwa sheria, mwamuzi anaamuru gharama pale tu mtu alipoleta shauri la upuuzi au la usumbufu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha bei halisi ya kila njia. Kwa mhudumu wetu, ningesema hivi. Wiki ya kwanza ya Aprili, mazungumzo na ujumbe wa simu. Mshahara wa Aprili ukikatwa tena, barua fupi kwa mwenye kituo yenye nakala yako iliyosainiwa kupokelewa. Ikifika katikati ya Mei hakuna jibu, F.1, huku lengo likiwa usuluhishi na si uamuzi. Kwenye kikao hicho, bosi akitoa 150,000 taslimu siku ile ile, chukua. Ukikataa ili upate 180,000 yote, unaweka nauli ya safari nyingine kufuata 30,000.

Sasa badili jambo moja tu. Mhudumu huyo huyo, mwenye miaka minne kazini, anaambiwa "kesho usije". Hapo mazungumzo ni ghali mno. Kuna malipo ya notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza: siku 28 mara 9,231 ni kama 258,000, ingawa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Kuna likizo ambazo hakwenda. Na juu ya hayo yote kuna fidia, Tume ikiona ameachishwa isivyo haki. Dai limevuka nusu milioni kabla ya kugusa fidia, na muda ni siku 30. Safari tatu za Mwanza ni bei nafuu kwa dai hilo. Jaza fomu wiki ya kwanza. Ukitaka kuongea, utaongea mkiwa na tarehe ya Tume.

Tahadhari kwa mgeni kazini: aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Mwenye miezi mitatu anayedai shoti ya 40,000 apime sauti yake. Aliyevuka miezi 6 ana kinga ya maana zaidi, kwa sababu kumfukuza mtu kwa kuwa ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali ya kumwachisha. Kinga hiyo haimzuii bosi kukasirika, lakini hasira yake itamgharimu.

Fomu inavyoharibika

Madai mengi mazuri hufia kwenye karatasi. F.1 ina sehemu B, na sehemu hiyo ni ya walioachishwa kazi peke yao. Anayedai makato akaijaza kwa kuwa imeachwa wazi, anachanganya mgogoro wake, na wapo waliofutiwa mashauri kwa kosa hilo. Ijaze kama umeachishwa, iache kama bado uko kazini.

Andika kila unachodai na kiasi chake. Ukiandika "makato" ukasahau ovataimu ya miezi sita, usitegemee msuluhishi akukumbushe, wala mwamuzi akupe ambacho hukuomba. Andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye risiti ya EFD au mkataba, si jina la kwenye bango la kituo. Kampuni yenye jina tofauti na bango ni mlango wa kutorokea ulio wazi.

Kisha fomu hiyo lazima imfikie mwajiri, na uwe na uthibitisho. Chapa nakala tatu, mpe moja, nyingine asaini au kugonga muhuri. Akikataa, tuma kwa posta ya rejesta na utunze risiti. Ukifika Mwanza bila uthibitisho umelipia matembezi.

Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa na usinunue wa kughushi. Ni wajibu wa mwajiri kukupa maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania unamwangukia yeye. Ujumbe wa malipo kwenye simu, picha ya ratiba ya zamu na sare ya kazi vinatosha kuanzia.

Nani akusindikize?

Unaweza kwenda mwenyewe, na wengi wenye dai dogo hufanya hivyo vizuri tu. Sheria inakuruhusu pia kuwakilishwa na wakili, na kiongozi au mwanachama wa chama chako cha wafanyakazi, au na mwakilishi uliyemchagua mwenyewe.

Chama ni bima inayonunuliwa kabla ya ajali. Ada yake kwa kawaida ni asilimia 2 ya mshahara, yaani 4,800 kwa mwezi kwa mhudumu wetu, na kinakupa mtu anayejua ngazi za Tume. TUICO iko kwenye biashara na viwanda, CHODAWU kwenye hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwenye migodi na ujenzi. Ukijiunga leo kwa tatizo la jana, usishangae ukipokewa kwa uvivu.

Wakili kwa dai la 180,000 hana hesabu. Kwa dai la kuachishwa lenye miaka mingi, anayo, ila mkubaliane kwa maandishi: ada ni kiasi gani, asilimia ngapi, na nani analipa nauli yake. Kama huna uwezo, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao kisheria ni bure. Anayekuomba "ya kuanzia faili" akisema anamjua mtu ndani ya Tume ni kishoka. Kufungua faili hakuna ada.

Mwalimu wa shule ya serikali, muuguzi wa halmashauri na mtumishi mwingine wa umma wasipoteze nauli kwenye mlango huu kwanza. Tangu mabadiliko ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inawataka wamalize ngazi zake zenyewe, pamoja na Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya njia za sheria za kazi. Mwalimu wa shule binafsi yeye yuko CMA kama mhudumu wa mafuta.

Karatasi mbili za kuogopa

Ya kwanza ni ile inayosema umepokea stahiki zako zote na huna madai. Hutolewa pamoja na bahasha, siku una njaa. Kama ndani ya bahasha kuna 90,000 na unadai 180,000, saini umepokea 90,000, andika kiasi kwa mkono wako na tarehe, usisaini zaidi ya hapo.

Ya pili ni barua ya kujiuzulu ambayo meneja amekwisha kuichapa, "ili tukulipe haraka". Aliyejiuzulu anatakiwa kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike, na huo ni mlima. Aliyefukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kueleza sababu na utaratibu aliofuata. Hakuna saini ghali kama hiyo mjini hapa.

Mkifika mahali pa kukubaliana mbele ya msuluhishi, soma hati kabla ya kuinua kalamu. Iwe na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, namba ya simu au akaunti itakayopokea, na kama ni kwa awamu, sentensi inayosema awamu moja ikipita bila kulipwa deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Bila sentensi hiyo, bosi anayeruka awamu ya kwanza anakulazimu kusubiri mpaka ya mwisho ipite. Ukiwa nayo, unabeba hati yako kwenda kukazia siku inayofuata.